Chaneli ikigota, tafuta kwanza mtazamaji anaishia wapi

Vijana wengi wanaokuja hapa Ngamiani, Tanga, na chaneli iliyogota huja na jibu lao tayari: "Kaka, YouTube wamenibania. Nitengenezee kava kali." Kava, ile picha ya mbele ya video, natengeneza, ndiyo riziki yangu. Lakini sigusi kitu kabla hatujafungua YouTube Studio, tena kwenye kompyuta, maana kwenye simu mambo mengi hayaonekani. Video inayotazamwa na watu 300 wakati zile za mwanzo zilifika 5,000 inaweza kuwa na ugonjwa mmoja kati ya mitatu, na dawa zake hazifanani.

Fungua video moja, ingia Analytics, kisha Reach. Kuna namba inayoitwa Impressions: ni mara ngapi kava yako imepita mbele ya macho ya watu ndani ya YouTube. Chini yake kuna Impressions click-through rate, yaani kwa kila mara 100 kava ilipoonekana, imebonyezwa mara ngapi. Kisha nenda Engagement, utazame mchoro unaoonyesha watu wanaondoka dakika gani. Ukizisoma kwa mpangilio huo utajua kama hukuonyeshwa, ulionyeshwa ukapitwa, au ulibonyezwa ukaachwa njiani.

Nitawapa mfano wa dada mmoja wa Makorora, mpishi. Alianza na mkate wa kumimina, vitumbua na samaki wa kupaka, karibu na Ramadhani. Zikapanda vizuri. Baada ya Idi akaona mapishi yamechosha, akaanza video za matembezi: siku sokoni Mgandini, safari ya Mapango ya Amboni, Pangani na wanawe. Zikagotea kwenye 300, zingine hata hapo hazifiki. Yeye alishaamua kwamba tatizo ni simu yake, akawa anadunduliza anunue nyingine.

Tulichofanya kwanza ni kuzigawa video mafungu mawili, mapishi huku na matembezi kule. Ndani ya Advanced mode unaweza kuunda kundi la video ukalisoma kama kitu kimoja. Hapo inabidi mtu awe makini, kwa sababu namba za pamoja hudanganya. Mtu aliyeandika "jinsi ya kupika mkate wa kumimina" anatafuta hicho hicho, kwa hiyo kubonyeza kwake ni rahisi. Mtu aliyefungua YouTube akipitisha muda tu ana mambo chungu nzima ya kuchagua. Kwa hiyo usilinganishe video ya YouTube search na video ya Browse features, yaani iliyojitokeza yenyewe mtu alipofungua YouTube, kwa asilimia moja ya jumla. Chuja chanzo kwanza, ulinganishe Browse na Browse. Na uzilinganishe kwa umri mmoja, mathalani siku saba za kwanza za kila video, la sivyo video ya zamani itaonekana bingwa kwa kuwa imekaa muda mrefu tu.

Kwa yule dada, kwenye Browse, mapishi yalikuwa yakibonyezwa kama mara sita kwa kila mia. Matembezi hayakufika mara mbili. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo sita ni ya kawaida kabisa. Kumbe hakubaniwa. Video za matembezi zilionyeshwa siku mbili za mwanzo, wale wale waliojiunga kwa sababu ya mapishi wakazipita, mgao ukapungua.

Halafu tukakuta jambo ambalo hakulitarajia. Wachache waliobonyeza Amboni walikaa. Mchoro wao haukuporomoka kuliko wa mapishi. Maana yake umbo la video, yaani kutembea huku anaongea, halikuwa baya, na simu haikuwa na kosa (hela zake zikabaki salama). Kilichokosekana ni sababu ya mpenda mapishi kubonyeza pango. Mada na watu wake hawakukutana.

Kuna kipimo kingine wageni hukiruka. Chini ya vyanzo tazama External. Chaneli nyingi za huku kwetu hukua mwanzoni kwa makundi ya WhatsApp: ya familia, ya shule, ya kina mama wa mtaa. Watazamaji hao hawaingii kwenye Impressions, kwa sababu wamebonyeza linki, hawakuiona kava ndani ya YouTube. Shangazi zako wakichoka, namba inashuka na wewe unadhani umepoteza watazamaji, kumbe wageni hukuwahi kuwapata. Mtu wa hivyo hana cha kutibu bado. Ndiyo kwanza anaanza.

Yule dada hakuwa huko. Watu wake walitoka kwenye search, nao wana tabia yao: wamekuja na swali, wamepata jibu, wamekwenda jikoni. Kwenye Audience waliorudi walikuwa wachache mno. Basi kazi ikawa kutafuta swali linalofuata kwa mtu huyo huyo. Hatukulibuni. Lilikuwa kwenye maoni chini ya video yake, limeulizwa na wengi kwa maneno tofauti: mkate wangu umeumuka vizuri, mbona umeshuka katikati?

Akarekodi hilo. Umbo lile lile la jikoni, mada imesogea hatua moja: unga wa mchele uliochacha kupita kiasi, tui jingi, moto wa juu uliowahi kuisha. Alikata pia salamu za mwanzo zilizokuwa zikila nusu dakika, akaanza na mkate ulioshuka ukiwa kwenye sinia. Siku za kwanza ikatembea polepole, akakata tamaa. Baada ya wiki kadhaa Suggested videos ikaanza kuiweka pembeni ya ule mkate wa zamani, na hapo ndipo ikapanda.

Baadaye tu ndipo tukajaribu umbo: Mgandini tena, lakini anachagua nazi ya mkate huo huo, anazitikisa, anaeleza ipi ina tui zito. Hii ilikaa katikati, juu ya matembezi ya zamani na chini ya jikoni. Ukibadilisha mada na umbo kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia, na usihukumu kwa video moja. Mpe kila jaribio video mbili tatu.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujabadilisha chochote. Asilimia ya kubonyezwa hushuka yenyewe video inapopelekwa kwa watu wasiokujua, kwa hiyo ikishuka huku Impressions zinapanda, acha kava yako. Na kwa mapishi ya Kiswahili, Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka; linganisha Ramadhani na Ramadhani, usilinganishe Machi na Machi.

Upo pia mgoto usio na ugonjwa. Ukitafuta mkate wa kumimina na video yako ndiyo inatokea juu, inabonyezwa, inatazamwa hadi mwisho, na bado namba haiongezeki, basi watafutaji wa mkate huo wameishia hapo. Kava mpya haitawaongeza. Anza kuandaa vibibi.