Penati mazoezini anafunga, kwenye mechi anakosa: angalia kwanza muda baada ya filimbi

"Wakuu, nafundisha vijana wa chini ya miaka 17. Mazoezini wanapiga penati safi kabisa, siku ya mechi wanapaisha au wanampa kipa mkononi. Nifanyeje?"

Mkuu kabla hujagusa miguu yao, chukua simu uwarekodi, alafu hesabu muda toka refa apulize filimbi mpaka mguu uguse mpira. Mi nilikuwa na winga mmoja, mazoezini anakufungia 8 kati ya 10 bila shida, kwenye mechi kapewa penati tatu kakosa mbili. Nikahangaika naye wee, mara piga kwa ndani ya mguu, mara piga kwa nguvu, kumbe tatizo haliko huko. Kuja kuangalia video, mazoezini alikuwa anatulia kama sekunde 3 baada ya filimbi, kwenye mechi filimbi inalia na yeye keshaanza kukimbia, hata pumzi hajashusha. Alikuwa anataka tu liishe. Kuna mtafiti wa Norway, Geir Jordet, amechambua video nyingi za matuta ya mashindano makubwa na akakuta kitu hichohicho, wanaokurupuka mara tu filimbi inapolia wanakosa zaidi.

Kitu cha pili ni macho. Mchezaji akiwa na presha anamtazama kipa mapema na kwa muda mrefu, na mpira una tabia ya kufuata macho, ndo maana unaona mtu anampigia kipa palepale alipo wakati goli lina upana wa mita 7.32.

Sasa yule winga tulimtengenezea utaratibu wake, mfupi, wa kurudia vilevile kila siku. Mpira anauweka yeye mwenyewe, pale pa kujazia upepo pamtazame yeye, hii inampa kitu kidogo cha kukazia macho. Anarudi kinyumenyume hatua nne na moja pembeni, asiligeuzie goli mgongo. Akisimama anachagua sehemu moja tu, yeye alipenda pale chini wavu unapokutana na nguzo, anapaangalia vizuri na akishachagua ndo basi, habadilishi. Filimbi ikilia hakimbii, anatoa pumzi moja ndefu polepole, macho yanashuka kwenye mpira, anajiambia neno moja, lake lilikuwa "chini", ndo anaenda. Tangu filimbi ilie haizidi sekunde 3 au 4. Usiurefushe ukawa ibada, refa atamwambia aharakishe na hapo umakini wote unapotea.

Na makipa wajanja watamvuruga tu, atachelewa kurudi kwenye mstari, atamsogelea amwambie maneno, au refa ataagiza mpira uwekwe upya. Mfundishe kwamba akikatizwa anarudi mwanzo, anaweka mpira upya, hatua zilezile, haendelei pale alipoishia. Hili wangu lilimchukua kama wiki tatu mpaka likamkaa.

Kuhusu mazoezi, acha kuwapigisha penati 20 mfululizo. Ya tatu tu moyo ushatulia, hapo unafundisha mguu, kichwa hujakigusa. Mi napiga filimbi ya mwisho wa mazoezi wakiwa wamechoka, wote wanakaa kwenye duara la kati, namwita mmoja anatembea peke yake mpaka kwenye alama, hiyo ni kama mita 30, wenzake wanapiga kelele, anapiga moja tu na hakuna kurudia. Ile safari ya kutembea ndiyo inayoleta presha yenyewe, na ndipo utaona kama utaratibu unashika au anausahau njiani.

Utajuaje kabadilisha mawazo katikati? Angalia hatua ya mwisho kabla ya kupiga, inakuwa fupi ghafla, mguu wa kusimamia unakaa vibaya na mpira unaenda taratibu karibu na kati. Ukiona hivyo usimgombeze kwa kupiga vibaya, muulize tu alichagua wapi na alibadili saa ngapi.

Ila kama kuna kijana anayependa kumsubiri kipa aruke ndo apige, huyo lazima amtazame kipa, sehemu ya macho haimhusu, mwachie pumzi na ule utulivu baada ya filimbi. Na kama mtu bila kipa golini hawezi kupeleka mpira kwenye kona ya goli anayoitaka hata mara 7 kati ya 10, huyo bado ana kazi ya mguu, utaratibu wowote hautamsaidia kwa sasa.

Anza na hiyo video ya mechi ijayo, pima muda wa kila mpigaji alafu uulete hapa tuuangalie pamoja.