Rola kosta: nusu ya kimo si nusu ya kasi

"Mwalimu, niko kidato cha tatu hapa Kisumu. Gari la rola kosta linaanza likiwa limetulia mita 20 juu, na chini kabisa lina kasi ya 20 m/s. Mbona likiwa mita 10 juu jibu si 10 m/s?"

Mwanangu, kinachogawanyika nusu kwa nusu hapo ni nishati, wala si kasi. Nishati ya mwendo hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Andika mgh iliyopotea kuwa sawa na ½mv². Herufi m inajifuta pande zote mbili, kwa hiyo bila msuguano gari tupu na lililojaa watu huenda sawa. Inabaki v² = 2gh.

Angalia sana hiyo h: ni mita zilizoshukwa, si kimo kilichobaki. Wengi hupotezea maksi papo hapo. Ukichukua g kuwa 10, 2 × 10 × 10 ni 200, na kipeuo chake cha pili ni kama 14.1 m/s. Ile 10 m/s unayoitafuta gari huipata mapema, likiwa bado mita 15 juu, baada ya kushuka mita 5 tu.

Na swali likisema gari lilipita kileleni kwa 3 m/s, usiongeze 3 mwishoni. Chini kabisa v² = 9 + 400, yaani 20.2 m/s, si 23.