Mabonde ndiyo yanayokuambia

"Shikamoo kaka. Nasoma famasi Dodoma. Sindano ya dawa ni kila baada ya saa 8. Kilele cha kwanza cha dawa kwenye damu ni miligramu 10 kwa lita, kisha kiwango kikashuka hadi 5. Hali tulivu, yaani vilele na mabonde kutopanda tena toka dozi hadi dozi, inafika lini?"

Marahaba. Kiwango kimepungua nusu kwa saa 8, basi hiyo ndiyo nusu-uhai. Sasa weka rula kwenye mabonde, yaani kiwango kabla tu ya sindano inayofuata: 5, 7.5, 8.75, 9.4. Unaona nyongeza inavyofifia? Mabonde yanakaribia 10, vilele 20. Hali tulivu hufika baada ya nusu-uhai 4 hadi 5, hapa saa 32 hadi 40. Ukipima damu saa ya 16, utakuta 7.5 na kudhani dozi haitoshi. Usiiongeze mapema, mgonjwa ataumia.