Miezi 42 kwenye makaratasi, mwaka 1 kwa Express Entry: namna ya kuhesabu uzoefu uliopishana

Swali: "Wakuu, naandaa profaili ya Express Entry ya kuhamia Kanada, njia ya Federal Skilled Worker. Nimetunza vitabu vya hesabu shuleni Mtwara masaa 20 kwa wiki, Machi 2022 hadi Februari 2024. SACCOS masaa 15 kwa wiki, Januari hadi Septemba 2023. AMCOS masaa 45 kwa wiki msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba 2022 na tena 2023. Pia SACCOS walinirudisha Oktoba hadi Desemba 2023 kwa masaa yale yale. Nikijumlisha napata miezi 24 + 12 + 6 = 42. Nijaze miaka 3?"

Usijaze miaka 3, mkuu. Kwa sheria ya Kanada una mwaka 1 kamili na ziada isiyofika mwaka wa pili. Tatizo ni kwamba umejumlisha miezi ya mikataba, ilhali wao wanahesabu saa ulizolipwa, wiki kwa wiki.

Mwaka mmoja wa uzoefu kwao ni saa 1,560, yaani wiki 52 za saa 30. Kazi ya saa chache inakubalika na inajumlishwa: saa 15 kwa wiki kwa miezi 24 ni mwaka mmoja. Waajiri wawili kwa wakati mmoja pia wanakubalika. Lakini kila wiki ina ukomo wa saa 30, ukiwa na mwajiri mmoja au watatu. Kinachozidi hapo hakihesabiwi wala hakihamishiwi wiki nyingine. Ndiyo maana hakuna namna ya kupata mwaka mmoja wa uzoefu ndani ya miezi tisa, hata ukifanya kazi usiku na mchana.

Njia salama ni kukata muda wako wote vipande kila pale saa zinapobadilika, halafu kila kipande ukipe mstari wake. Usianze na mwajiri, anza na kalenda. Kwako vinatoka vipande vitano.

Machi hadi Septemba 2022 ulikuwa na shule peke yake. Ni wiki kamili 30 za saa 20, jumla saa 600. Oktoba hadi Desemba 2022 shule na AMCOS ni saa 65 kwa wiki, zinahesabiwa 30 tu. Wiki 13 zinatoa 390. Januari hadi Septemba 2023 shule na SACCOS ni saa 35, tena zinahesabiwa 30. Wiki 39 zinatoa 1,170. Oktoba hadi Desemba 2023 ulikuwa na waajiri watatu, lakini ukomo ni ule ule, kwa hiyo 390. Januari na Februari 2024 imebaki shule, wiki 8 za saa 20, ni 160.

Jumla ni saa 2,710. Gawa kwa 1,560 unapata 1.7. Umepungukiwa saa 410 kufika miaka miwili. Ukitumia jedwali la kompyuta, weka idadi ya wiki safu ya B na saa za kila mwajiri safu za C, D na E, kisha:

```
=B2*MIN(30,C2+D2+E2)
```

Wiki zishushe kwenye wiki kamili, usizipandishe. Likizo ya kawaida yenye malipo usiikate. Miezi ambayo shule ilifungwa na hukulipwa, hiyo iondoe.

Sasa suala la msimu, maana hapa ndipo wengi wanakwama. Federal Skilled Worker inataka mwaka wa kwanza, ule unaokupa sifa ya kuingia, uwe mfululizo na wote uwe katika kazi ya aina moja chini ya msimbo mmoja wa NOC, orodha ya Kanada ya aina za kazi. Misimu miwili ya korosho peke yake ingekupa saa 780, na juu ya hapo kuna pengo la miezi tisa katikati. Hata kama ungekuwa na misimu mingi ya kutosha kufikisha 1,560, pengo lingekukwamisha. Kwako kazi ya shule ndiyo inayoziba pengo, kwa sababu haikukatika. Kuanzia Machi 2022, saa zako zinafika 600, kisha 990 mwisho wa Desemba, na 570 zilizobaki zinakamilika katikati ya Mei 2023. Huo ndio mwaka wako wa sifa.

Angalia lakini ulifanya nini hasa SACCOS. Kama ilikuwa kutunza vitabu kama shuleni, msimbo ni 12200 na hesabu hii inasimama. Kama ulikuwa afisa mikopo, saa zile haziingii kwenye mwaka wa sifa. Mwaka huo ungekamilika baadaye, kwa saa za shule na AMCOS tu. Saa hizo za SACCOS bado zinaweza kukupa alama za uzoefu wa ziada, mradi kazi iwe ngazi ya ujuzi ya TEER 0 hadi 3.

Kwa nini nasisitiza usijaze miaka 3? Kwenye alama za CRS, zile zinazoamua nani aalikwe, uzoefu wa nje ya Kanada wa mwaka 1 au 2 unapata alama sawa. Ukiwa na lugha kiwango cha CLB 9 kwenye vipengele vyote, ni alama 25. Ukifika miaka 3 ni 50. Kwa hiyo ukijaza miezi 42 unajipa alama 25 ambazo huna. Unaweza kualikwa kwa alama hizo, halafu afisa akasoma barua zako, akahesabu kama nilivyohesabu hapa, na maombi yakakataliwa ada ikiwa imeshalipwa. Akiona umedanganya, unafungiwa miaka 5. Mwaka wa pili unasaidia tu kwenye jedwali la kwanza la kufuzu, lile linalotaka alama 67, ambako unapanda kutoka 9 hadi 11.

Kwenye profaili ingiza kila mwajiri kivyake na saa halisi alizokulipa. Usipunguze AMCOS ziwe 10 ili jumla iwe 30, kwa sababu barua yao itasema 45. Kila msimu uwe na mstari wake na tarehe zake.

Barua ndizo zitakazoamua. Kila moja iwe na nembo ya mwajiri, cheo, majukumu, tarehe za kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, mshahara na marupurupu, pamoja na saini na mawasiliano. Barua ya AMCOS isiandikwe "2022 hadi 2023", itaje misimu miwili kwa tarehe. Na hapa jiulize kwa ukweli: Oktoba hadi Desemba 2023 barua tatu zitaonyesha saa 80 kwa wiki. Kama shule ilikuruhusu kupunguza saa wakati wa msimu, barua yao iseme hivyo. Hesabu yako haibadiliki, kwa kuwa AMCOS peke yake imeshavuka 30, lakini afisa hatakuwa na sababu ya kutilia shaka barua zote tatu.

Kwa walioko Kanada tayari wanaotumia Canadian Experience Class: saa ni zile zile 1,560 na ukomo ni 30, ila si lazima ziwe mfululizo, mradi ziwe ndani ya miaka 3 iliyopita. Misimu iliyokatika inajumlishwa. Kazi uliyofanya ukiwa mwanafunzi wa muda wote haihesabiwi, hata kama ulilipwa.

Ukitaka alama za miaka 3, unahitaji saa 4,680, yaani 1,970 zaidi. Kwa saa 30 kwa wiki ni wiki 66.