Mkia wa jozi ya transista: hesabu iliyoniondolea mvumo msikitini

Mwaka jana niliunda kikuza sauti cha maikrofoni kwa msikiti mmoja wa Mji wa Kale, hapa Mombasa. Waya wa maikrofoni ulipita mita kadhaa sambamba na nyaya za stima, na baada ya Ijumaa ya kwanza mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, hatibu twamsikia, lakini mvumo nao hauishi." Alisema kweli, na kosa lilikuwa langu.

Kikuza sauti kile kilianza na transista mbili zilizounganishwa emita kwa emita, na kutoka hapo rezista moja, tunayoiita mkia, ilishuka hadi volti 12 hasi. Jozi ya namna hii hukuza tofauti kati ya besi mbili, yaani miguu ya transista inayopokea sauti. Sauti ya hatibu hufika kama tofauti, kwa kuwa maikrofoni husukuma waya mmoja na kuvuta mwingine. Mvumo wa stima, wa hezi 50, huingia katika nyaya zote mbili kwa pamoja, na iwapo mkondo wa mkia haubadiliki, mvumo huo hauna njia ya kuifikia kolekta, mguu ambako sauti iliyokuzwa hutokea. Shida ni kwamba rezista haishiki mkondo: emita zikipanda pamoja, mkondo nao hupanda.

Rezista yangu ya mkia ilikuwa kilo-omu 11.4, hivyo ilipitisha miliampea 1, yaani nusu kwa kila transista, na kolekta niliyochukulia sauti ilikuwa na rezista ya kilo-omu 10. Hesabu yake ni hii:

```
re   = 25 mV / 0.5 mA = 50 Ω
Ad   = Rc / (2·re)  = 10000 / 100   = 100
Acm  = Rc / (2·Rt)  = 10000 / 22800 = 0.44
CMRR = Ad / Acm = Rt / re = 228
20·log10(228) = 47 dB
```

`re` ni ukinzani wa ndani wa emita, `Rc` ni rezista ya kolekta, `Rt` ni rezista ya mkia, `Ad` ni ukuzaji wa tofauti, `Acm` ni ukuzaji wa kilicho cha pamoja, na `CMRR` ni uwiano wa hayo mawili. Angalia jinsi `Rc` inavyojifuta: kuibadilisha hakusaidii chochote. Mle msikitini nilipima milivolti 50 za mvumo katika kila waya, ambazo zikigawanywa kwa 228 ni sawa na kuongeza milivolti 0.22 juu ya sauti ya hatibu, iliyokuwa milivolti 2 tu. Moja ya kumi ya sauti yake ilikuwa mvumo.

Kuongeza rezista ya mkia kungehitaji volti nyingi mno, kwani mega-omu 1 kwa miliampea 1 ni volti 1000. Kwa hiyo niliiondoa na kuweka transista ya tatu: kolekta yake kwenye emita za jozi, rezista ya kilo-omu 1.2 kwenye emita yake, na besi ikishikiliwa na diodi nyekundu ya mwanga yenye volti 1.8 hivi. Mwanzoni niliishikilia besi kwa rezista mbili, nikasikia mvumo mpya wa hezi 100. Ukisikia hezi 100, usiulaumu waya wa maikrofoni. Hayo ni mawimbi yanayobaki rektifaya ikigeuza stima kuwa mkondo wa upande mmoja, nayo hutikisa mkia kupitia besi yake, na diodi huyazuia.

Kwa mabadiliko madogo ya volti, transista hiyo huonekana kama rezista ya takriban mega-omu 4, hivyo uwiano ungefika 80,000, yaani desibeli 98. Kupima, unganisha besi mbili za jozi pamoja, uzipe volti 1 ya hezi 50, usome kolekta. Mimi nilisoma milivolti 4, yaani 25,000 au desibeli 88, kwa sababu transista za jozi nazo si kamilifu. Hata hivyo mvumo ulishuka hadi sawa na mikrovolti 2.

Nilipokirudisha kikuza sauti msikitini, mvumo ulikuwa umepungua sana lakini bado ulisikika, na hapa ndipo kipimo kile kinapodanganya. Ukiunganisha besi pamoja, unaficha tofauti ya rezista mbili zinazozishusha hadi ardhini. Zangu zilikuwa kilo-omu 10 na kilo-omu 10.5. Mvumo ulipitisha mikondo isiyo sawa katika maikrofoni ya omu 200, ukazaa tofauti ya mikrovolti 24, na jozi, kwa uaminifu wake, ikaikuza kama sauti. Mkia, hata uwe bora kiasi gani, hauwezi kuondoa tofauti iliyokwisha kuzaliwa kabla ya besi.

Nilimwaga pakiti ya rezista mezani, nikazipima moja moja kwa mita hadi nikapata mbili zilizopishana kwa chini ya omu 10, nikazichomelea. Ijumaa iliyofuata yule mzee alikaa karibu na spika, na kabla ya hotuba kuanza, mle ndani ulisikika upepo wa feni tu.