Usiguse salio la duka kama unataka pesa zako zirudi

Blenda niliyoiagiza mtandaoni ilianza kunuka kuungua ndani ya wiki ya kwanza. Duka halikubisha. Niliirudisha, wakaikagua, wakakubali kwamba mota ni mbovu. Kisha ukaja ujumbe: "Ndugu mteja, ombi lako limekamilika. Salio limewekwa kwenye akaunti yako." Hakuna aliyeniuliza kama nataka salio, yaani thamani ya kununulia kwenye duka hilohilo tu badala ya pesa zangu. Lilikuwa na tarehe ya mwisho ya kutumika, na chini yake kitufe cha kununulia bidhaa nyingine.

Ukiletewa salio namna hiyo, usilitumie hata kidogo. Ukishanunua nalo hata kitu kidogo, duka lina ushahidi kwamba ulilikubali, na benki ikija kuuliza baadaye hilo ndilo jibu watakalopeleka. Hata kitufe cha "Kubali" kwenye fomu ya kurudisha bidhaa kinahesabika, kwa hiyo kabla ya kukibonyeza angalia ni njia gani ya kurudishiwa iliyochaguliwa. Mara nyingi salio huwa limeshachaguliwa tayari, na chaguo la kadi liko chini yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2011 inasema mteja aliyenunua mtandaoni akaghairi ndani ya muda wake arudishiwe pesa kwa njia ileile aliyolipia, isipokuwa yeye mwenyewe akubali waziwazi njia nyingine. Hata pale ambapo sheria haisemi hivyo, kukubali kwako ndiko duka litakakokushikilia.

Ni lazima pia ujue umesimama wapi. Kama bidhaa ni mbovu, si ile uliyoagiza, au haikufika kabisa, dai lako lina nguvu. Kama ni nzima na wewe umebadili mawazo tu, na kwenu hakuna sheria ya kughairi, basi masharti ya duka uliyoyakuta siku ya kununua ndiyo yanayoamua. Kama yalisema wazi kwamba utapewa salio tu, unaweza kuomba, lakini kwa hisani.

Mimi niliandika badala ya kupiga simu, kwa sababu maneno ya simu hayabaki mkononi mwako. Oda ile niliilipia kwa njia mbili, sehemu kubwa kwa kadi na kiasi kidogo kwa vocha ya zawadi, kwa hiyo sikudai vyote virudi kwenye kadi. Niliandika hivi:

"Habari. Bidhaa ya oda hii mmeipokea na mmethibitisha kuwa ni mbovu. Sijakubali salio la duka na sijalitumia. Naomba mlifute, kisha mrudishe kiasi nilicholipa kwa kadi kwenye kadi ileile, na kiasi cha vocha kirudi kama vocha. Tafadhali nijulisheni tarehe mtakayotuma na namba ya kumbukumbu ya marejesho."

Ile sentensi ya kulifuta salio ina kazi yake. Mhudumu haruhusiwi kumlipa mteja mara mbili, na salio likiendelea kuonekana kwenye akaunti, mfumo wao huhesabu kwamba umeshalipwa. Kuomba kadi ileile nako kunawarahisishia, kwa kuwa marejesho ya kadi hufuata muamala wa mwanzo. Ukianza kuomba kadi nyingine au akaunti ya ndugu yako, unafungua maswali ya utapeli, na wana haki ya kuyauliza. Kadi ikiwa imeisha muda na akaunti bado iko hai, kwa kawaida pesa hufika. Akaunti ikiwa imefungwa, waambie mapema.

Walijibu kwamba "imeshatumwa", na kwenye benki sikuona kitu. Hapo usianze ugomvi. Marejesho ya kadi huchukua siku kadhaa za kazi. Yakikawia, ipe benki ile namba ya kumbukumbu: kwa kadi huwa na tarakimu 23, na benki huitumia kufuatilia pesa zilipo. Duka likishindwa kuitoa baada ya kuombwa, mimi huanza kuamini kwamba hakuna kilichotumwa. Mimi walinipa, na pesa zikaonekana zikiwa pungufu kidogo ya bei iliyoandikwa, kwa sababu punguzo la kuponi halikuwa pesa niliyotoa. Hiyo ni sawa.

Duka likikataa katakata, iombe benki iliyokupa kadi ipinge muamala. Kwa Visa na Mastercard, madai mengi ya bidhaa mbovu au isiyofika yana muda wa siku 120, ingawa benki yako inaweza kutaka uwahi zaidi, kwa hiyo usikubali kuzungushwa na ahadi za "wiki ijayo". Peleka risiti, uthibitisho kwamba bidhaa ilirudi, ujumbe wako wa kukataa salio, na picha ya akaunti yako ya dukani inayoonyesha salio lote lipo, halijaguswa.