Uwiano wa 47 na uwiano wa 1.5: hisa ipi ni ghali?

Msomaji ameniuliza kama auze hisa za Apple anunue za JPMorgan Chase, kwa kuwa uwiano wa bei kwa thamani ya vitabu, yaani bei ya hisa ikigawiwa kwa mtaji wa wanahisa unaoangukia kila hisa, unamwonyesha kuwa benki ni ya bei ya kutupa. Ujumbe wa aina hii napokea mara nyingi mno, na unanikera kidogo.

Hesabu yenyewe ni sahihi. Mwishoni mwa Septemba 2022 mtaji wa wanahisa wa Apple, yaani mali ukiondoa madeni, ulikuwa dola bilioni 50.7. Ukiugawa kwa hisa zipatazo bilioni 15.9, kila hisa inapata kama dola 3.18, na sokoni iliuzwa karibu dola 150. Uwiano ni 47. JPMorgan ilifunga 2022 ikiwa na dola 90.29 vitabuni kwa kila hisa, bei ikiwa dola 134.10. Uwiano ni 1.5.

Tatizo ni ile namba unayogawia. Mwaka huo wa fedha Apple ilipata faida ya dola bilioni 99.8, lakini mtaji wake ulishuka kutoka bilioni 63.1. Faida ilikwenda wapi? Kampuni ilitumia bilioni 89.4 kununua tena hisa zake yenyewe na karibu bilioni 15 kulipa gawio, na kila dola iliyotoka hivyo ilipunguza mtaji. Zaidi ya hapo, bilioni 26 za utafiti ziliandikwa kama matumizi ya mwaka, si kama mali. Ule 47 unaonyesha kitabu kilichokaushwa kuliko unavyoonyesha bei.

Benki haiwezi kujikausha hivyo. Mali yake ni mikopo na hatifungani, na wasimamizi wanaidai mtaji wa kutosha kubeba hasara. Kwa hiyo kitabu chake kina maana, ila kisomwe pamoja na faida juu ya mtaji, yaani faida ya mwaka kama asilimia ya mtaji. Toa kasi ya ukuaji kwenye faida hiyo, toa kasi ileile kwenye faida wanayodai wawekezaji, kisha gawa jibu la kwanza kwa la pili. Benki inayopata 15%, ikikua kwa 5%, huku wawekezaji wakidai 10%, inastahili uwiano wa 2. Ikipata 8% tu, inastahili 0.6, na hapo 0.6 si bei ya kutupa hata kidogo. Linganisha benki na benki. Apple ipime kwa fedha taslimu inayobaki baada ya uwekezaji.

Hata kwa benki, fungua maelezo ya hatifungani zinazoshikiliwa hadi kuiva, ambazo vitabuni hazifuati bei ya soko. Mwisho wa 2022 Silicon Valley Bank iliziandika kwa dola bilioni 91.3, wakati sokoni zilikuwa na thamani ya bilioni 76.2. Pengo la bilioni 15 halikuonekana kwenye mtaji wa bilioni 16.3. Machi 10, 2023 benki ikafungwa.